Akiba ya tahadhari dukani na stoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: duka la jumla mjini Mtwara linalouza mafuta ya kula ya dumu la lita 20, yanayonunuliwa Dar es Salaam na kuletwa kwa lori kupitia Kibiti, Somanga na Lindi. Takwimu ni za mfano. Hesabu ni ileile kwa sukari, mabati, salfa au vipuri vya bodaboda. Badilisha namba tu uweke zako.

## Mambo ya msingi

1. Akiba ya tahadhari ni nini hasa?

Ni sehemu ya bidhaa unayoiweka stoo kwa ajili ya yale usiyoyatarajia. Unapoagiza mzigo leo, unajua kwa wastani utauza kiasi gani kabla haujafika. Lakini wateja wanaweza kuja wengi kuliko kawaida, au lori likalala njiani siku tatu. Madumu yanayokuvusha katika siku hizo ndiyo akiba ya tahadhari.

Kama kila siku ungeuza madumu 12 kamili, na kila mzigo ungefika siku ya sita bila kukosa, usingehitaji hata dumu moja la akiba. Ungeagiza yakibaki 72, na la mwisho lingetoka mlango mmoja huku lori likishusha kwa mlango mwingine. Akiba inatokana na kutotabirika, na hilo ndilo la kupima.

2. Inatofautianaje na bidhaa ninazouza kila siku?

Kwa macho hazitofautiani. Zote ni madumu yaleyale, na ya zamani yatoke kwanza siku zote. Usitenge kona ya stoo ukaandika "usiguse". Tofauti iko kwenye daftari, katika namba moja inayoitwa kiwango cha kuagiza upya, yaani idadi ambayo ukiifikia unapiga simu ya oda siku hiyohiyo.

Kiwango hicho kina sehemu mbili: mauzo unayoyatarajia wakati unasubiri mzigo, kuongeza akiba ya tahadhari. Katika mfano wetu mauzo ya wastani ni madumu 12 kwa siku na mzigo unachukua siku 6 kwa wastani, hivyo sehemu ya kwanza ni 12 × 6 = 72. Sehemu ya pili inapatikana katika swali la 6.

3. Kwa nini nisiweke tu wiki moja ya ziada kwa kila bidhaa?

Wafanyabiashara wengi hufanya hivyo. Ubaya wake ni kwamba kanuni hiyo haitazami kutotabirika kabisa. Sukari inayouzwa karibu sawasawa kila siku inapewa ziada ileile ya siku saba kama mabati, ambayo hukaa siku tano bila mteja, kisha fundi mmoja akachukua bando nzima. Matokeo yake ni fedha nyingi kulala kwenye sukari, huku mabati yakiisha kila mwezi. Ukiona stoo imejaa lakini wateja bado wanaondoka mikono mitupu, mara nyingi chanzo ni hicho.

## Kupima

4. Nianze kuandika nini?

Vitu viwili. Cha kwanza ni mauzo ya kila siku ya bidhaa husika, angalau kwa siku 30 na ikiwezekana 60. Cha pili ni tarehe ya kila oda na tarehe mzigo ulipokuwa tayari kuuzwa. Usiandike tarehe ambayo lori liliondoka Dar, wala siku dereva alipopiga simu kusema amevuka Lindi. Hesabu inaanza ulipoagiza na kulipa, na inaishia madumu yalipohesabiwa na kuingia stoo. Mzigo ukija pungufu, tarehe ya kufika ni ile uliyopata kiasi cha kukutosha kuendelea kuuza.

Kuna kosa moja linaloharibu takwimu za watu wengi. Siku ambayo bidhaa ilikuwa imekwisha, daftari linaandikwa sifuri, na sifuri hiyo inaingia kwenye wastani kana kwamba hakuna aliyetaka. Wateja walikuja, hawakukuta. Siku za namna hiyo ziondoe kabisa kwenye hesabu. Usipoziondoa, wastani utashuka na utaagiza kidogo zaidi, kisha utaishiwa tena.

Jambo la mwisho ni kalenda. Ukihesabu muda wa mzigo kwa siku zote saba za wiki, na mauzo yagawanye kwa siku zote saba, hata kama Jumapili unafunga.

5. "Mtawanyiko" ni nini, na ninaupataje?

Ni namba inayoonyesha takwimu zako zinakaa mbali kiasi gani na wastani wake. Tuchukue oda nane za mafuta zilizofika baada ya siku 5, 4, 5, 10, 5, 5, 6 na 8. Jumla ni 48, wastani ni siku 6.

Sasa angalia kila oda imepishana na 6 kwa siku ngapi: 1, 2, 1, 4, 1, 1, 0 na 2. Zidisha kila moja kwa yenyewe: 1, 4, 1, 16, 1, 1, 0, 4. Jumla ni 28. Gawanya kwa idadi ya oda ukitoa moja, yaani 7, upate 4. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Mtawanyiko wa muda wa mzigo ni siku 2.

Tazama jinsi ile oda moja ya siku 10 ilivyochangia 16 kati ya 28. Mzigo mmoja uliochelewa sana una uzito kuliko mingine yote ikiwekwa pamoja, ndiyo maana inafaa kujua ulichelewa kwa nini kabla ya kuuhesabu (tazama swali la 13).

Kwenye kompyuta au simu yenye Excel, weka siku hizo kwenye safu B na uandike:

```
=STDEV.S(B2:B9)
```

Fanya vivyo hivyo kwa mauzo ya kila siku. Tuseme kwa duka letu mtawanyiko wa mauzo umetoka madumu 4.

6. Akiba yenyewe naipigaje?

Sasa una namba nne: wastani wa mauzo 12, mtawanyiko wa mauzo 4, wastani wa muda wa mzigo siku 6, mtawanyiko wa muda siku 2. Hatua ni hizi:

Kwanza, upande wa mauzo: siku 6 × (4 × 4) = 96.
Pili, upande wa lori: (12 × 12) × (2 × 2) = 576.
Tatu, jumlisha: 672. Kipeuo chake cha pili ni karibu 25.9.
Nne, zidisha kwa kizidishi cha uhakika. Kwa uhakika wa asilimia 95, unaoelezwa katika swali la 11, kizidishi ni 1.65. Unapata 42.8, ambayo unaipandisha kuwa madumu 43.

```
=ROUNDUP(1.65*SQRT(6*4^2+12^2*2^2),0)
```

Kiwango cha kuagiza upya ni 72 + 43 = 115. Yakibaki madumu 115, oda inaondoka.

## Kwa nini akiba inapanda

7. Mauzo yasiyo sawa yanaipandishaje?

Ukiuza 12 leo, 7 kesho na 17 keshokutwa, wastani haujabadilika, lakini hujui siku zako sita za kusubiri zitaangukia upande gani. Huenda zikawa nzito zote. Akiba inaziba pengo hilo.

Hata hivyo, siku nzito na nyepesi hufidiana. Ni nadra siku sita mfululizo zote ziwe za kilele. Kwa sababu hiyo, pengo la siku sita haliwi mara sita ya pengo la siku moja. Linakuwa kama mara mbili na nusu tu, yaani kipeuo cha pili cha 6. Kama lori lisingechelewa kamwe na tatizo lingekuwa mauzo peke yake, akiba ingekuwa madumu 17.

8. Na kuchelewa kwa mzigo?

Hapa hakuna kufidiana. Lori likichelewa siku moja, unahitaji mauzo ya siku nzima zaidi, madumu 12. Likichelewa siku mbili, 24. Kila siku ya kuchelewa inakula siku kamili ya mauzo, ndiyo maana upande wa lori ulitoka 576 na upande wa mauzo 96 tu.

Kama mauzo yangekuwa sawa kila siku na lori peke yake ndilo lisilotabirika, akiba ingekuwa madumu 40. Utaona kuwa 17 na 40 ni 57, ilhali hesabu kamili ilitupa 43. Wateja kuwa wengi na lori kuchelewa kwa pamoja hutokea mara chache, kwa hiyo usipige akiba mbili mbalimbali kisha ukazijumlisha.

9. Muuzaji wangu yuko mbali, mzigo kila mara huchukua siku nyingi. Je, huko si kuchelewa?

Umbali na kutotabirika ni mambo mawili tofauti. Tuseme umempata muuzaji mwingine ambaye wastani wake ni siku 3, lakini mtawanyiko bado ni siku 2. Akiba inakuwa madumu 42. Umepunguza dumu moja! Kiwango cha kuagiza kitashuka hadi 36 + 42 = 78, kwa sababu mauzo ya kusubiri yamepungua, lakini akiba imebaki karibu palepale.

Chukua sasa muuzaji wako wa siku 6, ila amejirekebisha na mtawanyiko ukawa siku 1. Akiba inashuka hadi madumu 26. Mzigo unaokuja siku ya sita bila kukosa ni nafuu kwako kuliko unaosemekana kuja siku ya tatu na kufika siku yoyote kati ya ya kwanza na ya saba.

10. Nianze kurekebisha upande upi?

Linganisha zile namba mbili za swali la 6 na uanze na iliyo kubwa. Katika mfano wetu, ukihangaika hadi mtawanyiko wa mauzo ukapungua nusu, kutoka 4 hadi 2, akiba itatoka 43 hadi 41. Ukipunguza nusu mtawanyiko wa lori, itatoka 43 hadi 26. Dumu likinunuliwa shilingi 80,000, hayo madumu 17 ni shilingi 1,360,000 zinazorudi mkononi.

Kwa bidhaa ziletwazo kutoka Dar, tulichoona ni kwamba muda mwingi haupotei barabarani. Unapotea kabla lori halijawasha injini: msafirishaji anasubiri mizigo ya watu wengine ijaze gari, au malipo yako yameingia jioni na oda ikahamia kesho. Andika tarehe tatu badala ya mbili, yaani siku uliyolipa, siku lori lilipoondoka na siku lilipofika. Baada ya oda nane utajua wapi pa kubana. Msafirishaji mwenye siku maalumu ya kuondoka, hata akikutoza nauli ya juu kidogo, linganisha nauli hiyo na mtaji anaoufungua.

Upande wa mauzo, mtawanyiko mkubwa mara nyingi unatokana na wateja wawili au watatu wanaonunua kwa mkupuo: shule ya bweni, mama lishe mwenye jiko kubwa, mwenye duka wa Nanyamba au Tandahimba. Waombe wakuambie siku chache kabla. Oda unayoijua mapema toa kwenye hesabu ya mtawanyiko, iagizie peke yake.

## Uhakika

11. Asilimia 95 maana yake nini? Kwa nini si 100?

Maana yake ni kwamba katika kila mizunguko 100 ya kuagiza, takriban 95 mzigo utafika kabla hujaishiwa. Si asilimia 95 ya siku wala ya wateja. Ukiagiza madumu 120 kila mara, unaagiza takriban kila siku 10, mara 36 kwa mwaka; tarajia kuishiwa kama mara mbili kwa mwaka.

Vizidishi vingine ni 1.28 kwa asilimia 90, 2.05 kwa 98 na 2.33 kwa 99. Kwa duka letu hiyo ni madumu 34, 54 na 61. Angalia gharama inavyopanda: kutoka 90 hadi 95 unaongeza madumu 9 kwa pointi tano, kutoka 98 hadi 99 unaongeza 7 kwa pointi moja tu. Uhakika wa asilimia 100 hauna namba.

Kabla ya kuamini asilimia yoyote, ijaribu kwa daftari lako. Ile oda ya siku 10 ingehitaji 10 × 12 = 120, na sisi tungeagiza yakibaki 115. Tungeishiwa siku ya mwisho, hata kwa mauzo ya kawaida tu. Oda moja kati ya nane si asilimia 5. Hii hutokea kwa sababu kanuni hudhani mizigo huwahi na kuchelewa kwa kiasi kinacholingana, ilhali lori linaweza kuwahi siku mbili tu na kuchelewa hata siku nane. Kwa bidhaa zinazopita barabara ndefu, sisi huanza na asilimia 98 kwa zile zinazovuta wateja dukani: mafuta, sukari, unga. Kwa akiba ya 54 kiwango kinakuwa 126, na oda ile ya siku 10 inavuka.

## Korosho, mvua na barabara

12. Msimu wa korosho ukifika niongeze akiba?

Piga hesabu mpya, usiongeze kwa kukisia. Minada huanza Oktoba, na malipo ya wakulima yakiingia mauzo ya Mtwara na Lindi hupanda. Kupanda huko unakujua, hivyo si kazi ya akiba. Ni kazi ya wastani wa msimu. Chukua daftari la mwaka jana la miezi hiyo peke yake.

Tuseme mauzo ya msimu ni 20 kwa siku na mtawanyiko 6, lori likibaki lilelile. Akiba ni madumu 71, na kiwango cha kuagiza ni 120 + 71 = 191. Kuchelewa kwa lori hakujabadilika, lakini kila siku ya kuchelewa sasa inakula madumu 20 badala ya 12.

Ukichanganya miezi yote kumi na miwili kwenye wastani mmoja, utapata mtawanyiko mkubwa wa uongo: akiba itazidi mwezi Juni na kupungua Novemba. Kosa lingine ni kusahau kurudi. Takwimu za msimu zikiachwa hadi Machi, mtaji unalala.

Na kwa kuwa 191 ni zaidi ya oda yako ya 120, usilinganishe kiwango na madumu yaliyo stoo pekee. Jumlisha yaliyo stoo na yaliyoagizwa yakiwa bado njiani. Vinginevyo utaagiza upya kila asubuhi.

13. Barabara ikikatika, akiba hii itatosha?

Hapana. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Njia ya kuzunguka kwa Songea, Tunduru na Masasi ni ndefu mno. Tukio la aina hiyo halimo katika kanuni ya swali la 6, na ukiliingiza kwenye mtawanyiko utabeba akiba ya janga mwaka mzima.

Litenge. Oda iliyokwama kwa kukatika kwa barabara iandike pembeni, usiihesabu. Kisha kwa miezi ya mvua kubwa amua siku za ziada kwa bidhaa chache zisizoweza kukosekana, kwa mfano siku 5 za mafuta, madumu 60, unazoziingiza kabla ya mvua na kuziacha ziishe zenyewe baada yake. Lakini mizigo inayochelewa siku mbili tatu kila masika si janga. Hiyo ni kawaida ya msimu, iwekee wastani na mtawanyiko wake.

## Hali za pekee

14. Muuzaji wangu anapokea oda Jumatatu tu. Hesabu inabadilika?

Ndiyo. Ukikosa Jumatatu hii unangoja siku 7 nyingine, hivyo akiba inalinda siku 7 + 6 = 13 upande wa mauzo. Hesabu: 13 × 16 = 208, jumlisha 576, unapata 784, kipeuo chake cha pili ni 28. Mara 1.65 ni 46.2, yaani madumu 47. Kila Jumatatu agiza kiasi cha kufikisha jumla ya stoo na njiani madumu 12 × 13 + 47 = 203.

15. Bidhaa ni mpya, sina takwimu. Nifanyeje?

Kwa miezi miwili ya mwanzo tumia njia ya kilele: mauzo ya siku kubwa zaidi mara muda mrefu zaidi wa mzigo, toa wastani mara wastani. Kwa mafuta yetu, kama siku kubwa ilikuwa madumu 20, ni (20 × 10) − (12 × 6) = 128. Ni karibu mara tatu ya 43, kwa sababu inadhani siku ile moja ya kilele itajirudia siku kumi mfululizo. Itumie kwa bidhaa zisizoharibika, na uiache mara tu daftari litakapotosha.

16. Na kipuri kinachouzwa kimoja kwa mwezi, au bidhaa yenye tarehe ya kuisha?

Kwa kinachouzwa mara chache, kanuni ya swali la 6 haifai. Mauzo yake hayana wastani wa siku wenye maana. Uliza tu: wakati wa kusubiri mzigo, nimewahi kuuza vingapi kwa wingi zaidi? Kama ni viwili, weka viwili.

Kwa bidhaa yenye tarehe, gawanya kiwango cha juu kabisa cha stoo yako, yaani akiba kuongeza oda moja, kwa mauzo ya siku. Kwa mafuta ni (43 + 120) ÷ 12, karibu siku 14. Kama bidhaa itaisha muda kabla ya siku hizo, punguza kwanza ukubwa wa oda na uagize mara nyingi zaidi, kabla ya kugusa akiba.

17. Nimeingia kwenye akiba. Nimekosea?

La, ipo itumike. Kwa mizunguko ya kawaida utaigusa karibu nusu ya mara zote, kwa sababu nusu ya mara mauzo ya kusubiri huzidi wastani. Kinachopaswa kukushtua ni kinyume chake: ikipita mizunguko kumi na hujawahi kuigusa hata kidogo, akiba ni kubwa kupita mahitaji, au kuna namba ya zamani kwenye hesabu. Ukiimaliza mara mbili katika mizunguko kumi, piga upya hesabu ukianza na tarehe za mizigo.